Cheti cha ukaguzi wa nishati kwa mhandisi wa Arusha: kuanzia maombi hadi ripoti ya kwanza

Mwongozo huu ni wa mhandisi wa umeme au mitambo aliye Arusha, anayetaka kuvishauri viwanda vya Njiro, Themi na Unga Limited, au hoteli na majengo makubwa ya mjini, kuhusu matumizi ya nishati. Sehemu ya kwanza ni ya cheti chenyewe. Sehemu kubwa inayofuata ni ya kazi ambayo cheti kinakusaidia kuiomba, kwa sababu hapo ndipo wengi wenye cheti hukwama.

Kwa nini uwe na cheti

Mwenye kiwanda hawezi kuiona akiba ya umeme kabla ya kutoa fedha. Unamwambia anunue kapasita za milioni kadhaa, na kitu pekee alichonacho mkononi ni hesabu yako. Cheti kinamwambia kwamba mtu mwingine amekwisha kuipima elimu yako. Benki inayoombwa mkopo wa mitambo hiyo huuliza jambo hilohilo.

Sababu ya pili iko umbali wa kilomita kama 110 kutoka hapa, ng'ambo ya Namanga. Kenya ilitunga kanuni za usimamizi wa nishati mwaka 2012. Kituo kinachotumia nishati ya kWh 180,000 au zaidi kwa mwaka kinatakiwa kikaguliwe angalau mara moja kila miaka 3, na mkaguzi awe na leseni ya mamlaka ya nishati, ambayo leo inaitwa EPRA. Wala ripoti haiishii kabatini: mwenye kituo anatakiwa awe ametekeleza angalau nusu ya akiba iliyoonyeshwa kabla miaka hiyo 3 haijaisha. Gawa 180,000 kwa miezi 12, utapata kWh 15,000 kwa mwezi. Viwanda vingi vya Arusha vinavuka kiwango hicho bila shida. Tanzania nayo ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024 hadi 2034, na kampuni yenye matawi Nairobi na Arusha inaweza kudai ripoti za aina hii kwa matawi yote mawili.

Uchague cheti kipi

Kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki ni CEM, cheti cha meneja wa nishati kinachotolewa na AEE, chama cha wahandisi wa nishati chenye makao yake Marekani. Chama hichohicho kina CEA, ambacho ni cha ukaguzi peke yake, na CMVP, ambacho ni cha kupima na kuthibitisha akiba baada ya kazi kufanyika. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni CEM. Kinagusa umeme, mvuke, hewa ya kompresa, majengo na hesabu za fedha, na ndicho ambacho wateja wa ukanda huu wamekisikia. CMVP kitafuata siku utakapoanza kulipwa kwa akiba iliyothibitishwa.

Utaratibu wake ni huu:

1. Hakikisha umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). CEM haikufanyi uwe mhandisi kwa sheria za Tanzania, na ripoti ya kitaalamu inatakiwa isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa.
2. Hesabu uzoefu wako. Mwenye shahada ya uhandisi ya miaka 4 anatakiwa awe na angalau miaka 3 ya kazi inayohusu nishati. Fundi sanifu mwenye stashahada anahitaji miaka mingi zaidi. Ambaye hajafikisha anaweza kufanya mtihani na kupewa hadhi ya mwanafunzi, EMIT, kisha akapanda baadaye.
3. Kusanya barua za waajiri zinazotaja kazi yenyewe. "Alifanya matengenezo" haisaidii. "Alisimamia boila mbili na kupunguza mafuta kwa kurudisha maji ya mvuke" inasaidia.
4. Hudhuria mafunzo ya matayarisho yanayotambuliwa na AEE. Nairobi yamekuwa yakifanyika kupitia kituo cha nishati cha chama cha wenye viwanda cha Kenya, KAM.
5. Fanya mtihani. Unachukua saa 4, na vitabu vinaruhusiwa.
6. Ukishafaulu, huisha cheti kila baada ya miaka 3 kwa alama za kazi na mafunzo.

Kabla ya kulipa chochote, soma masharti ya mwaka unaoombea, kwa kuwa AEE huyabadilisha mara kwa mara.

> Tahadhari ya mtihani
> Kuruhusiwa vitabu kumewaangusha wengi, kwa sababu saa 4 hazitoshi kutafuta jibu ukurasa kwa ukurasa. Weka alama kwenye kurasa za majedwali ya mvuke, ya taa na ya thamani ya fedha kwa miaka. Vitabu vingi vya matayarisho vinatumia vipimo vya Marekani, kwa hiyo uliza mapema mtihani wako utatumia vipimo gani, na ujizoeze kubadilisha: kWh 1 ni Btu 3,412.

Kuna jambo ambalo cheti hakikupi: ruhusa ya kugusa nyaya. Anayefungua paneli na kufunga kifaa cha kupimia awe na leseni ya EWURA ya kazi za umeme inayolingana na mfumo huo. Kama wewe huna, nenda na fundi mwenye nayo, na ulitaje jina lake kwenye ripoti.

Anza na ankara, usianze na taa

Mkaguzi mgeni akiingia kiwandani macho yake hukimbilia taa, kwa sababu zinaonekana. Fedha ziko kwenye ankara. Kiwanda cha ukubwa wa kati kinachopimwa kwenye volti 400 huwa kwenye daraja la T2 la TANESCO, na daraja hilo hutoza vitu viwili vikubwa, tofauti. Cha kwanza ni kWh, yaani umeme uliotumika mwezi mzima. Cha pili ni kVA, yaani kilele cha juu kabisa ambacho kiwanda kilikifikia mwezi huo, hata kama kilikifikia kwa muda mfupi tu. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2016, ambazo nazitumia katika mfano huu, T2 ni shilingi 195 kwa kWh na shilingi 15,004 kwa kVA kila mwezi. Wewe utatumia bei iliyoandikwa kwenye ankara ya mteja wako.

Ukiielewa tofauti ya vitu hivyo viwili utaandika ripoti ya kweli. Usipoielewa utaahidi fedha ambazo hazitakuja. Tuufuate mfano mmoja hadi mwisho: kiwanda kidogo cha vifungashio vya plastiki Njiro, kinachotumia kWh 70,000 kwa mwezi, chenye kilele cha kVA 240, kinachofanya kazi saa 6,000 kwa mwaka.

Kazi ya kwanza: pawa fakta

Mota za mashine za plastiki, hasa zikizunguka bila mzigo, huvuta umeme wa sumaku ambao haufanyi kazi yoyote lakini huongeza kVA. Kapasita huutoa umeme huo palepale kiwandani, na TANESCO inaacha kuuona. Kwa hiyo kapasita hushusha kVA. Kwenye kWh zinazosomwa na mita hazibadilishi karibu chochote. Muuzaji anayekuja na karatasi inayosema kapasita "hupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 20" anauza kitu ambacho hakipo.

Fanya hivi:

1. Omba ankara za miezi 12 au zaidi. Andika kWh, kVA na tani zilizozalishwa kila mwezi, katika jedwali moja.
2. Funga loga kwenye swichi kuu kwa siku 7, zikiwemo Jumamosi na Jumapili.
3. Tafuta saa ambayo kilele kilitokea, usome pawa fakta ya saa hiyo.
4. Piga hesabu ya kapasita kwa pawa fakta ya saa hiyo.

Hatua ya 3 ndiyo inayorukwa. Wengi huchukua wastani wa pawa fakta wa mwezi mzima. Katika mfano wetu wastani ni 0.72, lakini kilele hutokea saa nne asubuhi mashine zote zikiwa na mzigo, na hapo pawa fakta ni 0.78. Mota yenye mzigo huwa na pawa fakta nzuri kuliko inayozunguka tupu, kwa hiyo wastani karibu kila mara hudanganya kwa upande uleule.

Kwa 0.78, nguvu halisi ya kilele ni 240 × 0.78, yaani kW 187. Ukipandisha hadi 0.95, kilele kipya ni 187 ÷ 0.95, yaani kVA 197. Umepunguza kVA 43, na akiba ni 43 × 15,004, yaani shilingi 645,172 kwa mwezi. Aliyetumia 0.72 angepata kVA 58 na kuahidi shilingi 870,232. Mteja angesubiri laki mbili na zaidi kila mwezi, zisije, na asingekuita tena.

Ukubwa wa kapasita unapatikana hivi:

```
kVAr = kW × (tan φ1 − tan φ2)
     = 187 × (0.80 − 0.33)
     = 88
```

Chagua seti ya kVAr 100 inayojiwasha na kujizima kwa hatua. Usifunge kapasita za kudumu za ukubwa wote huo, maana usiku mota zikizimwa kapasita hubaki zikisukuma umeme kwenye mtandao na kupandisha volti.

Zipo hundi mbili kabla hujaandika namba hiyo kwenye ripoti. Ya kwanza: kanuni ya TANESCO ni kwamba kVA inayotozwa ni ile kubwa kati ya kilele cha mwezi huu na asilimia 75 ya kilele cha juu cha miezi 3 iliyotangulia. Hapa asilimia 75 ya 240 ni 180, na kilele kipya ni 197, kwa hiyo akiba itaonekana mwezi uleule wa kwanza. Kama ungeshusha hadi kVA 160, mteja angeendelea kulipia 180 kwa muda, na ni lazima umwambie mapema. Ya pili: kampuni iliyosajiliwa VAT huirudisha kodi hiyo, kwa hiyo usiijumlishe kwenye akiba ili ripoti ionekane nono.

Halafu angalia harmoniki. Kiwanda kikiwa na mashine nyingi zinazoendeshwa kwa kibadilisha kasi cha mota, kapasita tupu zinaweza kuitikiana na transfoma, zikavimba na kuungua ndani ya miezi michache. Dalili utaziona paneli ya zamani ikifunguliwa: makopo yaliyotuna juu, fyuzi zinazokatika bila sababu, harufu ya plastiki iliyopata moto. Hapo agiza seti yenye koili za kuzuia harmoniki, hata kama bei itapanda.

> Jinsi ya kujua loga yako inadanganya
> Kosa la kawaida ni klampu moja kufungwa kinyume au kwenye fezi isiyo yake. Fezi moja itaonyesha kW hasi, au pawa fakta ya ajabu kama 0.3 wakati nyingine mbili ziko 0.8. Kabla hujaondoka, soma mita ya TANESCO mwanzo na mwisho wa saa 2, ulinganishe na loga. Zikipishana zaidi ya asilimia 5, usiondoke. Rekebisha kwanza, maana siku 7 za namba mbovu hazirudi.

Kazi ya pili: hewa inayovuja Jumapili

Hewa ya kompresa ni nishati ya bei ghali kuliko zote kiwandani, na ndiyo inayopotea kimyakimya. Siku za kazi huwezi kuisikia kwa kelele za mashine. Nenda Jumapili, mwombe fundi mkuu awashe kompresa peke yake, mashine zote zikiwa zimezimwa lakini vali zao za hewa zikiwa wazi kama kawaida. Hakuna anayetumia hewa, kwa hiyo kila inachopumua kompresa kinavuja.

1. Kwa saa ya simu, pima sekunde ambazo kompresa inasukuma hewa na sekunde ambazo inapumzika ikizunguka tupu.
2. Rudia mizunguko 5, uchukue wastani.
3. Gawa muda wa kusukuma kwa jumla ya muda wote.

Kompresa ya mfano wetu inasukuma sekunde 96 na kupumzika sekunde 144. Uvujaji ni 96 ÷ 240, yaani asilimia 40 ya uwezo wake. Mfumo unaotunzwa vizuri huwa chini ya asilimia 10. Baada ya hapo tembea na povu la sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Anzia kwenye viungio vya mipira ya haraka karibu na mashine, kisha vikombe vya vichujio, kisha vali za kutoa maji ambazo mtu alizifungua kidogo asubuhi moja na kuzisahau. Mara nyingi mabomba makuu ya chuma yako salama kabisa, na hewa yote inatokea kwenye mita 2 za mwisho.

Sasa hesabu, na hapa kuna mtego. Kompresa inavuta kW 40 ikisukuma. Ukishusha uvujaji kutoka asilimia 40 hadi 10, ni rahisi kusema umeokoa asilimia 30 ya kW 40, yaani kW 12 muda wote. Si kweli. Kompresa ya aina hii ikiacha kusukuma haizimi, bali inazunguka tupu, na ikizunguka tupu inavuta kama kW 12. Unachookoa ni tofauti ya 40 na 12, mara 0.30, yaani kW 8.4. Kwa saa 6,000 ni kWh 50,400, na kwa shilingi 195 ni shilingi 9,828,000 kwa mwaka. Anayedai kW 12 angeahidi milioni 14. Ukitaka sehemu iliyobaki, kompresa yenyewe iwe ya kubadilisha kasi, na hilo ni pendekezo la pili lenye bei yake.

Kumbuka pia mahali ulipo. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Kompresa inavuta ujazo uleule, ila hewa iliyomo ni pungufu, kwa hiyo usishangae ikishindwa kufikia jedwali la mtengenezaji, na usiihukumu kuwa mbovu kwa hilo tu. Mota za kawaida nazo hupangiwa uwezo wake hadi mita 1,000. Zinazofanya kazi kwa mzigo kamili hapa hupoa kwa shida zaidi, kwa hiyo pima joto lake kabla hujapendekeza mota ndogo badala ya kubwa.

Ukiitwa hotelini

Usichukue ripoti ya Dar es Salaam ukabadilisha jina. Kule kiyoyozi ndicho kinachokula umeme. Chini ya Mlima Meru, hasa Juni hadi Agosti, mzigo mkubwa wa hoteli ni maji ya moto, jiko na dobi. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji kWh 49 bila kuhesabu joto linalopotea kwenye mabomba. Pima lita kwanza, kisha kagua mabomba yasiyovikwa, ndipo uzungumzie mitambo ya jua. Onyo moja: usishauri tangi la maji ya moto lishushwe chini ya nyuzi 60 ili kuokoa umeme, kwa sababu bakteria wa lejonela huzaliana kwenye maji ya vuguvugu, na wageni huwavuta kwa matone madogo ya maji ya bafu.

Kabla hujakabidhi ripoti

☐ Kila akiba imeandikwa kama ni ya kWh, kVA au mafuta, na bei iliyotumika imetajwa.
☐ Akiba zinazogusana hazijahesabiwa mara mbili. Ukipunguza uvujaji, mota ya kompresa inayopendekezwa baadaye ihesabiwe kwa mzigo mpya.
☐ Bei za vifaa zimetoka kwa wauzaji 3, na wewe huna kamisheni kwa yeyote. Kama unayo, mteja ajue kwa maandishi.
☐ Jumla ya nishati uliyoigawa kwa mashine inakaribiana na ankara. Ikizidi ankara, umekosea mahali.
☐ Umeandika jinsi akiba itakavyopimwa baadaye: kifaa kipi, siku ngapi, na italinganishwa na tani zipi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachozua ugomvi. Kiwanda kikipata oda kubwa baada ya wewe kuondoka, ankara itapanda hata kama kazi yako ilikwenda sawasawa. Ndiyo sababu uliandika tani tangu mwanzo. Zoea kusema kWh kwa tani, si kWh peke yake, na mkubaliane na meneja juu ya hilo kabla ya kusaini mkataba.

Kama ripoti yako ya kwanza ni ya kiwanda kama hiki, omba ankara zake leo, na omba ruhusa ya kuingia Jumapili ijayo. Povu la sabuni, saa ya simu na loga ya kukodi zinatosha kuanzia, na ripoti hiyo ikitekelezwa ndiyo ushahidi wa uzoefu utakaouambatanisha kwenye maombi yako ya CEM.